Printa ya jikoni inamaliza bando usiku, mkahawa ukiwa umefungwa

Wateja wetu wengi wa mikahawa wanatumia ruta yenye laini ya simu, na swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: bando linakwendaje usiku wakati hakuna anayeuza? Mara nyingi anayelimaliza ni printa ya oda ya jikoni. Oda za mtandaoni zinaingia kwenye foleni ndani ya seva, na kifaa kilichounganishwa na printa kinaiuliza seva kila baada ya muda fulani kama kuna oda mpya. Kikiwekwa kuuliza kila sekunde moja, kitauliza hivyo hivyo saa sita mchana na saa tisa usiku.

Tuhesabu usiku mmoja, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Ni saa 8, sawa na sekunde 28,800, kwa hiyo ni maswali 28,800 yanayojibiwa "hakuna kitu". Swali na jibu lake, muunganisho ukiwa tayari umefunguliwa, tukadirie kilobaiti moja. Hapo ni megabaiti 29 hivi kwa usiku, na karibu megabaiti 860 kwa usiku 30, kabla hata oda moja haijachapwa.

Wengine hutatua hili kwa ratiba: uliza haraka mchana, polepole usiku. Ratiba inafanya kazi mpaka Ramadhani ifike na mkahawa uuze kuanzia futari hadi daku, au siku ya mechi kubwa. Sisi tunapendelea kifaa kiifuate foleni yenyewe. Ikiwa tupu kwa muda, muda wa kusubiri unarefushwa. Kazi ikirudi, unarudi palepale kwenye sekunde moja. Kiini chake ni hiki:

```python
CHINI, JUU, SUBIRA = 1.0, 20.0, 60
muda, tupu = CHINI, 0

while True:
    kazi = uliza_foleni()      # None = foleni tupu
    if kazi and chapa(kazi):
        muda, tupu = CHINI, 0
        continue               # uliza tena bila kulala
    if kazi is None:
        tupu += 1
    if kazi or tupu > SUBIRA:
        muda = min(muda * 2, JUU)
    time.sleep(muda * random.uniform(0.8, 1.2))
```

Namba inayosahaulika sana hapo ni `SUBIRA`. Ukianza kurefusha muda mara tu foleni inapokuwa tupu, utakosea katikati ya msongamano wa mchana. Oda haziji mfululizo, zina mapengo ya sekunde kumi au ishirini, na katika pengo hilo kifaa kingekuwa kimeshafika kwenye kusubiri sekunde 8 au 16. Kwa hiyo tunakiacha kivumilie majibu matupu 60, yaani dakika moja hivi, ndipo kianze kuongeza: sekunde 2, 4, 8, 16, kisha 20 na kubaki hapo. Tangu oda ya mwisho hadi kasi ya chini kabisa ni dakika moja na nusu na ushee. Usiku ule ule wa saa 8 sasa una maswali kama 1,500, karibu megabaiti moja na nusu. Kwa usiku 30 ni megabaiti 45 hivi.

Gharama yake inalipwa na oda ya kwanza baada ya utulivu. Ikiingia wakati kifaa kimelala sekunde 20, kwa wastani itangoja sekunde 10, na ikibahatika vibaya itangoja zote 20. Tena, kwa kuwa tunachanganya muda kwa asilimia 20 juu na chini, kiwango halisi cha juu ni sekunde 24. Kwa chakula kinachopikwa robo saa, hakuna atakayeona tofauti. Kwa printa ya risiti iliyo kaunta, huku mteja amenyoosha mkono, sekunde 20 ni nyingi mno. Huko tunaweka `JUU` isizidi 3. Anza na swali la mtu anayengoja anaweza kuvumilia kiasi gani, kisha ndipo uangalie bando.

Kuna anayejiuliza kwa nini tusiweke dakika mbili usiku na kuokoa zaidi. Sababu ni muunganisho wenyewe. Seva ya nginx, usipobadilisha `keepalive_timeout`, hufunga muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 75, na mitandao ya simu nayo inaweza kuukata mapema zaidi. Ukishafungwa, kila swali linaanza kwa kujitambulisha upya kwa TLS na kupokea cheti cha seva, jambo linaloweza kugharimu kilobaiti kadhaa badala ya moja. Kwa hiyo ukitoka sekunde 60 kwenda 120 maswali yanapungua nusu, lakini kila moja linakuwa zito mara kadhaa, na bando linaweza kwenda zaidi ya awali.

Mstari wa `if kazi and chapa(kazi)` nao una sababu. Angalia kwamba tunarudi kwenye sekunde moja pale kazi inapochapwa, siyo pale inapopokelewa. Karatasi ikiisha, oda hiyo hiyo inarudi kwenye foleni na kutolewa tena. Programu inayorudisha kasi kwa kuona kazi tu itazunguka bila kulala hata kidogo, usiku kucha, na asubuhi bando halipo. Hapa jaribio lililoshindwa linarefusha muda kama vile foleni ni tupu, bila hata kungoja subira. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: kwenye kumbukumbu za seva namba moja ya oda inajirudia mamia ya mara.

Kukatika kwa intaneti si foleni tupu, na usikuhesabu kwenye `tupu`. Kifaa kisichofika kwenye seva hakijui kama kuna kazi au hakuna, na kwa kawaida mtandao unaporudi oda zimeshajikusanya. Tunaliwekea kosa la mtandao muda wake wa kusubiri, sekunde 5, na jibu la kwanza likipatikana, `muda` unarudi `CHINI` na `tupu` inarudi sifuri. Umeme ukirudi mtaa mzima, vifaa vyote huwaka pamoja. Kule kuchanganya asilimia 20 huvitawanya, ila swali la kwanza kabisa lipewe kusubiri kwa bahati nasibu kati ya sekunde 0 na 10, vinginevyo maswali yote yataifikia seva kwa mpigo.

Ukitaka kujua kama namba zako zinafaa, andika mambo mawili kwa kila oda: saa iliyoingia kwenye foleni na saa kifaa kilipoichukua. Tofauti hiyo ikizidi sekunde 2 wakati wa msongamano, ongeza `SUBIRA`, kwa sababu kifaa kinalala kwenye mapengo. Ikizidi 24 wakati wowote huku mtandao ukiwa mzima, kosa haliko kwenye `JUU`. Tazama kwanza kama printa ilikuwa inashindwa na oda iliyotangulia, maana kifaa hiki kinachapa moja baada ya nyingine, na ile iliyokwama mbele huzuia zote zilizo nyuma yake.