Malalamiko kuhusu betri ya boti mliyoniuzia: seli za pochi zimepangwa bila kubanwa

Kwa Meneja wa Mauzo,

Asalaam alaykum. Mimi ni mwenye boti hapa Lamu, navusha abiria toka jeti mpaka Manda eapoti na wakati mwingine Shela. Miezi saba iliyopita nilinunua kwenu betri ya volti 51.2 ya injini ya umeme, risiti yenu imeandikwa seli za kasha la alumini. Wiki jana mota ilizima katikati ya mkondo na abiria sita ndani, tukavutwa na boti ya jirani. Fundi wenu kwa simu akaniambia nimeizidishia mzigo. Sikubali, na nitawaeleza kwa nini.

Nilifungua boksi na fundi wa huku. Ndani hamna kasha hata moja, ni seli 16 za pochi, zile bapa zenye ngozi ya foili kama pakiti ya maziwa, zimeegemezwa moja kwa nyingine na kushikwa na teipu ya pande mbili basi. Kila seli ni milimita 10 kwa lebo yake, kwa hivyo zote zilifaa kuwa 160. Nikaweka rula nikapata 174, na uvimbe wote uko katikati, seli ya 7 mpaka ya 10, ukizigusa unasikia hewa ndani.

Tukaziangalia kwenye apu ya betri. Boti ikiwa imetulia seli zote ziko volti 3.3 sawasawa, kwa hivyo si chaji imepungua. Lakini ukifungulia mota, nyingine zinabaki 3.1 halafu ya 8 na ya 9 zinaporomoka mpaka 2.5 na bodi inakata. Hiyo maana yake ukinzani wa ndani umepanda kwa hizo mbili. Kipimajoto nacho kikasema vilevile, baada ya safari moja ya Shela seli ya pembeni ilikuwa 38 na ya 8 ilikuwa 51.

Sisemi seli ya pochi ni mbaya. Kwa nafasi haina mpinzani, haibebi chuma kizito na inalala bapa bila pengo, na kwa vile ni nyembamba joto lina njia fupi ya kutoka. Ila joto hilo linatokea kwenye uso wake mpana, na nyinyi uso huo mmeugandisha na uso wa mwenzake ambaye pia anachemka, sasa litaenda wapi? Za pembeni zinapumulia ukuta wa boksi, za kati zinapikana. Ilitakiwa bati jembamba la alumini kati ya seli na seli lichukue joto mpaka ubavuni, na mbao mbili ngumu huku na huku zibane seti nzima. Bila kubanwa, joto likitengeneza gesi ngozi inavimba, tabaka za ndani zinaachana, ukinzani unapanda, na joto linazidi tena.

Na kuna mawimbi. Wakati wa kusi boti inagongwa siku nzima. Seli zenu hazijashikwa, uzito wote unavuta ile ndimi nyembamba ya juu inayopitisha umeme, na ndimi ya seli ya 9 nimeikuta imeshaanza kupasuka pale inapokunjwa. Kichwa cha skrubu nacho kimesugua foili ya seli ya mwisho. Ingetoboka hapo na maji ya chumvi yako chini ya sakafu, Mungu apishe mbali.

Mngenipa za silinda, zile za milimita 18 kwa 65, kila moja ina kopo lake la chuma na tundu la kutolea gesi kwenye kofia. Ni kweli duara linaacha mapengo, ukizipanga mistari ya mraba seli zinajaza kama asilimia 78 tu ya nafasi, ukizipishanisha kama sega la nyuki zinafika 90, na ndani ya boksi lililozibwa hewa ya mapengo hayo haisaidii sana kupoza. Lakini boti yangu haina shida ya nafasi! Za kasha, ambazo ndizo nililipia, zinapangika karibu kama pochi na ukuta wake wa alumini unazuia mikwaruzo, ingawa nazo nyuso zake hutuna na lazima zifungwe mkanda.

Kwa hivyo naomba mnibadilishie betri kwa seli za kasha zilizobanwa kama risiti inavyosema, au mnirudishie pesa yangu yote. Msinitumie seli mbili mpya nizichomeke katikati, zitavimba tena. Na msiniambie nizikandamize au nizitoboe zilizovimba, ile gesi inawaka. Betri nimeitoa botini, iko uani kivulini mbali na nyumba, njooni muichukue wenyewe, na picha za rula na za apu nimewatumia. Nangoja jibu ndani ya siku 14, boti imelala na ndiyo riziki yangu.

Mwenye boti, Lamu