Maji yanapobaki ndani ya mashine ya kuoshea vyombo: yametoka wapi?

Mteja akitupigia simu kwamba mashine yake ya kuoshea vyombo imebakiza maji chini, swali letu la kwanza ni hili: maji hayo yalikuwepo mara tu baada ya mashine kumaliza kazi, au yameonekana baadaye? Wengi huliona swali hili kama la kupoteza muda, kwa sababu maji ni maji tu. Hata hivyo, jibu lake ndilo linalotuonyesha kama mashine imeshindwa kuyatoa maji yake yenyewe, au imeyatoa vizuri kisha ikaingiziwa mengine kutoka nje.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na sababu. Maji kidogo yanayobaki ndani ya kishimo kilicho chini ya chujio ni ya kawaida, na husaidia mipira ya kuzuia uvujaji isikauke. Tatizo lipo pale maji yanapopanda juu ya chujio na kutanda kwenye sakafu ya mashine. Aidha, umeme ukikatika katikati ya kazi, maji hubaki ndani bila kitu chochote kuharibika. Umeme ukirudi, mashine nyingi hutoa maji hayo ukishikilia kitufe cha kuanzia kwa sekunde 3 hivi hadi programu ifutike.

Maji yakiwepo tangu mashine ilipomaliza, anza na chujio. Zima mashine, chomoa plagi, subiri maji yapoe, kisha yachote kwa kikombe na ukaushe yaliyosalia kwa sponji. Vaa glavu, maana vipande vya glasi iliyovunjika hupenda kujificha humo. Chujio katika mashine nyingi ni kopo la plastiki lenye matundu, linalokaa juu ya bamba la wavu mwembamba. Lizungushe kinyume cha mwendo wa saa, kisha livute juu. Kwa jikoni za huku kwetu Mtwara, tunachokikuta mara nyingi ni punje za wali, miba ya samaki na utando mweupe wa mafuta ya tui la nazi, na utando huo ndio mbaya zaidi kwa sababu huziba matundu ya wavu bila kuonekana kama uchafu. Usiridhike kulisuuza tu. Lisugue kwa mswaki laini na maji ya moto yenye sabuni, kisha litazame kwenye mwanga. Ukilirudisha, hakikisha limejifunga, kwa kuwa chujio lililolegea hupitisha taka moja kwa moja hadi kwenye pampu.

Chujio likiwa safi na maji bado yanarudi, hapo ndipo mpira wa kutolea maji unapohusika, na ndiyo hitilafu ambayo watu wengi huikosea. Tulipata kisa cha namna hiyo katika nyumba ya wageni iliyopo Shangani. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasafisha chujio mara tatu, na fundi aliyetangulia alikuwa ameshamshauri anunue pampu mpya. Alipotueleza kwamba usiku aliiacha mashine ikiwa kavu kabisa, lakini asubuhi, baada ya wapishi kuosha sufuria kwenye sinki, alikuta maji yenye harufu ndani yake, tulianza kuitilia shaka sinki kuliko pampu.

Jaribio lenyewe halikuhitaji chombo chochote cha fundi. Tulikausha mashine, tukaziba sinki, tukaijaza maji na kuyakoroga na bluu ya kufulia nguo, kisha tukaizibua kwa mkupuo. Baada ya dakika chache tulifungua mlango wa mashine, na chini kulikuwa na maji ya bluu. Mashine ilikuwa haijawashwa hata mara moja.

Tulipochungulia kabatini tukaona sababu. Meza ya jikoni ilikuwa imebadilishwa wiki chache kabla, na aliyeirudisha mashine mahali pake aliulaza mpira sakafuni, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye bomba la sinki. Mpira huo hutakiwa kupanda kwanza hadi karibu na uvungu wa meza, ufungwe hapo, ndipo ushuke kuelekea kwenye bomba. Maelekezo ya mashine nyingi hutaka sehemu hiyo ya juu iwe kati ya sentimita 40 na 100 kutoka sakafuni. Ikiwa chini mno, maji ya sinki hurudi ndani ya mashine. Ikiwa juu mno, pampu hulemewa kuyasukuma. Mpira unaoishia chini kabisa sakafuni una balaa jingine: huweza kuyanyonya maji ya kuoshea wakati mashine ikiendelea na kazi, vyombo vikatoka vichafu.

Hapo tungeweza kufunga mpira na kuondoka, lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyosaidiana nao. Kona ya bomba chini ya sinki ilikuwa imejaa mafuta, hivyo maji yalikuwa yakipanda ndani ya bomba kabla ya kushuka. Pia ile vali ndogo inayozuia maji kurudi, iliyopo kwenye njia ya kutokea pampu, ilikuwa imeshikiliwa wazi na kipande cha korosho. Tulizibua kona, tukatoa korosho, tukaufunga mpira kwenye sentimita 80, kisha tukarudia jaribio la bluu. Mashine ilibaki kavu, na pampu ile ile ya zamani bado inafanya kazi.

Pampu yenyewe tunaishuku pale tu maji yanapobaki papo hapo huku chujio na mpira vikiwa salama. Sikiliza wakati mashine inapotakiwa kutoa maji. Ikinguruma bila maji kutoka, huenda feni yake ndogo imekwama kwa kipande cha glasi, mwiba au kijiti cha meno. Plagi ikiwa imechomolewa, toa kifuniko cha pampu kilicho ndani ya kishimo, halafu jaribu kuizungusha feni kwa mpini wa kijiko cha mbao. Usishangae ikizunguka kwa kurukaruka, kwa sababu ndani yake kuna sumaku. Ikizunguka kwa ulaini mno bila kukushika hata kidogo, pengine imevunjika kwenye shina lake. Pampu ikiwa kimya kabisa, hapo mwachie fundi apime kama umeme unaifikia na kama koili haijakatika. Baadhi ya mashine za Bosch huonyesha E24 au E25 maji yasipotoka, lakini namba hizo hazithibitishi kwamba pampu imeungua. Mpira uliojikunja au kifuniko kisichokaa sawa huzileta pia.

Tafadhali usimwage dawa kali za kuzibulia mabomba ndani ya mashine, kwani huharibu mipira na humwunguza fundi atakayeingiza mkono baadaye. Unapotupigia, tutajie namba iliyoandikwa kwenye kibandiko kilichopo ukingoni mwa mlango, maana pampu ikihitajika huagizwa kutoka Dar es Salaam, na mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutumia pampu tofauti.