Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: leseni haileti hoja

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika insha ya sosholojia ya siasa, swali ni kama watu mtandaoni wanaweza kujadili kwa hoja au ndo matusi mpaka mwisho, na kuna kipande nimeona kinakuhusu kabisa.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Habermas, mwaka 1962 alieleza nyumba za kahawa za London ya karne ya 18, watu wanakaa wanaijadili serikali, cheo unakiacha mlangoni, kinachoshinda ni hoja. Kwenye karatasi inapendeza, ila wanawake na masikini wengi walikuwa nje, na mwanafalsafa wa Marekani, Nancy Fraser, mwaka 1990 aliligomea hilo akaongeza kitu ambacho mi nakiona kizito zaidi: kuna umma unaotoa maoni tu na kuna umma unaoamua.

Sisi Tanzania mwaka 2018 tukaweka kiingilio, yaani leseni ya maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa alipe kama shilingi milioni 2.1 kwa kuanzia, Jamii Forums ikabidi izime kwa muda, na sijaona vipi hela hiyo ilimfundisha mtu kutoa sababu badala ya kutukana.

Sasa angalia Taiwan, 2015, ugomvi wa Uber na madereva teksi. Wanaharakati wa teknolojia wakishirikiana na serikali, kwenye mchakato wa majadiliano unaoitwa vTaiwan, walitumia programu inaitwa Polis. Unaandika sentensi moja fupi, wenzako wanabonyeza nakubali, sikubali au napita, basi. Kitufe cha kujibu hakuna, kwa hiyo hata ukiwa na hasira zako huna pa kumrukia mtu. Programu inawapanga watu kwa jinsi walivyopiga kura na kila mtu anaona kwenye ramani yuko na nani, mwanzo yakatokea makundi mawili, wa Uber huku, wa teksi kule, halafu watu wakaanza kutafuta sentensi ambazo hata kundi la pili litazikubali, mfano kwamba abiria lazima awe na bima. Hapo ndo Uber, wenye teksi na wizara wakakaa kikao kinachorushwa laivu wakajibu hizo hoja, na 2016 kanuni mpya zikatoka.

Mapungufu yapo. Kura haikuonyeshi sababu ya mtu, na Habermas alitaka sababu, kwa hiyo bila kile kikao hiyo ni kama kura ya maoni tu yenye ramani nzuri. Halafu wizara hazikulazimika kufuata matokeo, suala la kuuza pombe mtandaoni lilijadiliwa vizuri tu likaishia kukwama, na watu wakiona hawajibiwi wanapoa. Ndo umma wa maoni tu, Fraser huyo huyo.

Ombi langu: rasimu ijayo ya kanuni za maudhui ipitishwe kwa njia hii, na kabla hujasaini wizara ijibu kwa maandishi kila sentensi iliyokubaliwa na makundi yote, mkikataa mseme kwa nini.

Wako,
Mwanafunzi, Dar es Salaam