Umeandika Hadija, mfumo una Khadija

Mtu amesimama mbele ya karani, anasema anaitwa Hadija na alishasajiliwa. Karani anaandika jina, anabonyeza, skrini inajibu kwamba hakuna rekodi. Anajaribu tena polepole, jibu ni lile lile. Foleni ni ndefu, basi anamfungulia rekodi mpya. Miezi inapita, mtu mmoja ana rekodi mbili, nusu ya taarifa zake ziko huku na nusu kule. Tunaitwa kwa tatizo hili kuliko lingine lolote, na karibu kila mara tunaambiwa mfumo umeharibika. Kwa kweli umefanya kile kile ulichoagizwa.

Alama ya `=` kwenye hifadhidata hulinganisha herufi moja baada ya nyingine. Herufi ya kwanza ya Hadija ni H, ya Khadija ni K, kazi imeishia hapo. Hifadhidata haina sikio. Haijui kwamba majina haya mawili ni jina moja ambalo mwandikishaji mmoja aliliandika kwa kufuata Kiarabu na mwingine kwa kufuata alivyolisikia. Ongeza Khadijah, Kadija na Hatija, utaona kwa nini utafutaji wa kawaida unakwama.

Dawa ya kwanza ni kuhesabu tofauti. Mwaka 1965 mwanahisabati Vladimir Levenshtein alieleza kipimo ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake: hesabu ni herufi ngapi zinapaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe lingine. Kutoka Hadija kwenda Khadija ni hatua moja, unaongeza K. Kwenda Hatija ni moja pia, D inakuwa T. Kwenda Khadijah ni mbili. Mtu akiona hivyo husema, basi turuhusu hatua mbili na tumemaliza.

Hapo ndipo Halima anapoingia. Badilisha D iwe L na J iwe M, na Hadija amekuwa Halima kwa hatua mbili tu, sawasawa na Khadijah. Kwa kipimo hiki peke yake, jina lile lile na jina la mtu mwingine kabisa viko umbali sawa. Majina mafupi ni hatari zaidi: Juma na Jema vinatofautiana kwa herufi moja. Kwa majina ya herufi nne au pungufu sisi hatuvuki hatua moja, na hata hiyo tunaitazama kwa jicho la shaka.

Dawa ya pili husikiliza badala ya kuhesabu. Soundex ni njia ya Mmarekani Robert Russell, aliyepata hataza yake mwaka 1918, kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1930 ilitumika kupanga kadi za sensa za Marekani. Inahifadhi herufi ya kwanza, inatupa irabu pamoja na H, W na Y, kisha inazipa konsonanti zilizobaki tarakimu kwa makundi ya sauti zinazokaribiana. D na T ni 3, J, K, S na Z ni 2, M na N ni 5, L ni 4, R ni 6. Herufi jirani zenye tarakimu ile ile huhesabiwa mara moja. Matokeo ni herufi moja na tarakimu tatu, na msimbo ukiwa mfupi hujazwa sifuri.

Ijaribu kwa Mohamed, Muhammad, Mohammed na Muhamadi. Zote zinatoa M530. Inapendeza, mpaka ujaribu Mahmoud, ambaye naye ni M530. Kisha Mwanaidi. Naye ni M530! Msimbo ni kapu la kuanzia tu, usichukuliwe kama uamuzi.

Kwa Hadija wetu, kapu lenyewe linamkosa. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL:

```sql
CREATE EXTENSION fuzzystrmatch;
SELECT soundex('Hadija'), soundex('Khadija');
-- H320, K320
```

Tarakimu zinafanana, herufi ya kwanza imeharibu. Njia hii ilitungwa kwa majina ya Wamarekani, haikuwahi kusikia mtu akiacha K ya Khadija. Wala haikusikia watu wanaochanganya L na R, kwa hiyo Halima ni H450 lakini Harima ni H650. Ramadhani ni R535, Ramazani ni R525. Ukiwasha Soundex kama ilivyo kwenye rejista yenye majina kama haya, utapata nafuu kidogo na imani kubwa isiyostahili, jambo ambalo kwetu ni baya kuliko kutokuwa nayo.

Tunachofanya ni kunyoosha jina kabla ya kulitolea msimbo. Jina lililoandikwa na mwenyewe halibadilishwi kamwe, tunahifadhi msimbo kwenye safu ya pembeni. Kanuni ni chache: kh iwe h, dh iwe z, r iwe l.

```sql
SELECT soundex(replace(replace(replace(
  lower('Khadija'), 'kh', 'h'), 'dh', 'z'), 'r', 'l'));
-- H320
```

Sasa Hadija, Khadija, Khadijah na Hatija wote wana H320, huku Halima akibaki na H450 yake pamoja na Harima. Ramadhani na Ramazani wanakutana kwenye L525. Kadija bado yuko nje, na mara nyingi tunaombwa tugeuze kila k kuwa h ili naye aingie. Tunakataa, kwa sababu Kassim angekuwa H250, kapu moja na Hassan. Badala yake jina linaloanza na kh tunalipa misimbo miwili, H320 na K320, ili aliyeandikwa Khadija apatikane na anayetafuta Hadija na vilevile anayetafuta Kadija. Wazo hilo la msimbo wa pili si letu, Double Metaphone, njia nyingine ya kusikiliza majina, nayo hutoa msimbo mkuu na mbadala.

Kisha vipimo viwili vinashikana mikono. Msimbo unachagua kapu, nayo safu yake ikiwa na faharasa jibu huja haraka hata rekodi zikiwa nyingi. Umbali unapanga waliomo:

```sql
SELECT jina, levenshtein(lower(jina), 'hadija') AS umbali
FROM wateja
WHERE msimbo = 'H320'
ORDER BY umbali;
```

Hadija mwenyewe anakaa juu kwa 0, Khadija na Hatija wanafuata kwa 1, Khadijah kwa 2. Hedwiga naye ana H320, ila umbali wake ni 3, anashuka chini ya orodha.

Kuna vitu njia hizi haziwezi. Yusuf na Joseph ni Y210 na J210, na hata ungesahau herufi ya kwanza, aliyezoea kuitwa Dija hataonekana popote. Kwa hayo tunaweka jedwali la majina yanayojulikana kuwa ni yale yale, lililojazwa na watu wa ofisi husika, maana wao ndio wanaojua nani huitwaje.

Pia hatuunganishi rekodi zenyewe kwa zenyewe. Kufanana kwa majina hakumaanishi mtu ni mmoja, wako akina Hadija wengi. Skrini inamwonyesha karani orodha fupi yenye tarehe ya kuzaliwa na tarakimu za mwisho za simu, naye anamuuliza aliye mbele yake. Kabla ya kuiwasha kwenye mfumo wako tutakuomba jozi mia moja za rekodi unazojua ni za mtu mmoja na mia nyingine za watu tofauti. Tutahesabu ngapi za kwanza zimepotea na ngapi za pili zimechanganywa, ndipo tukubaliane kanuni ipi ibaki na ipi iondoke.