Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Simu ina kompyuta ya pili, nayo inahitaji sasisho

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mwaka 2016, kabla simu bandia hazijazimwa usiku wa tarehe 16 Juni, Mamlaka yako ilitufundisha kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090. Somo lilifika hadi vijijini. Lakini IMEI inatambulisha simu yenyewe na aina yake. Haisemi chochote kuhusu hali ya programu inayoendesha modemu yake. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Ndani ya simu ya kisasa kuna kompyuta mbili. Moja inaendesha Android, WhatsApp na kamera. Ya pili ni modemu, yenye prosesa yake na mfumo wake, na kazi yake ni kuongea na minara. Ndiyo inayopima minara na, kwa kushirikiana na mtandao, kuamua mnara wa kushika, wakati wa kuhamia mwingine, na kama mazungumzo yapite 2G au 4G. Programu yake ikiwa na kasoro, skrini haikuambii. Unaona tu mtandao unayumba, unailaumu laini. Desemba 2021 Google ilisitisha sasisho la Pixel 6 baada ya baadhi ya wateja kulalamika kwamba simu zinakatika katikati ya maongezi, na marekebisho yakatoka Januari. Ugonjwa ulikuwa ndani ya simu.

Kuhusu usalama, kisa cha kujifunza ni cha Machi 2023. Watafiti wa Project Zero wa Google walitangaza udhaifu 18 katika modemu za Exynos za Samsung. Minne kati yake ilikuwa mibaya kiasi kwamba maelezo yake mengi waliyazuia: mshambuliaji alihitaji kujua namba ya simu tu. Mwenye simu habonyezi kiungo wala hapokei chochote. Inawezekanaje? Simu ya VoLTE, yaani maongezi ya sauti yanayopita kwenye 4G, husafiri kama data, na kabla mlio haujasikika modemu husoma ujumbe unaoeleza aina ya mawasiliano yanayokuja. Katika udhaifu uliopewa namba CVE-2023-24033, modemu haikukagua ipasavyo kipengele kimoja cha maelezo hayo. Antivairasi iliyowekwa kwenye Android haioni kitu, maana shambulio linatokea kwenye kompyuta ile nyingine.

Zilizotajwa ni pamoja na Samsung za A04, A12, A13, A21s, A33 na A53. Panda daladala yoyote uzihesabu. Ushauri uliotolewa wakati wa kusubiri sasisho ulikuwa kuzima VoLTE na kuzima pia huduma ya kupiga simu kwa Wi-Fi, ila kuna simu ambazo kitufe cha kuzima VoLTE kinategemea mpangilio wa kampuni ya simu. Mteja anaambiwa afunge mlango ambao kitasa chake anacho mtu mwingine.

Kwenye Samsung, bonyeza *#1234#. Utaona mstari wa AP, ambao ni Android, na mstari wa CP, ambao ni modemu. Tuseme CP inaishia na BVJG. Herufi ya tatu kutoka mwisho ni mwaka: V ni 2022, W ni 2023. Inayofuata ni mwezi, A ikiwa Januari, hivyo J ni Oktoba. Modemu hiyo ni ya Oktoba 2022, kabla ya tangazo lile. CP kuwa nyuma ya AP kidogo si kosa, kwa sababu mtengenezaji habadilishi modemu kila mwezi. Tatizo ni pale zote mbili zimesimama miaka miwili, mitatu, na simu bado iko dukani ikiwa mpya kwenye boksi. Mafundi nao wanaijua shida hii kwa upande mwingine: ukiflashi, yaani ukiiwekea simu upya programu ya CP ya modeli isiyo yake, simu inawaka vizuri, Wi-Fi inashika, laini haisomi.

Ombi langu la kwanza ni kwamba mnapoidhinisha modeli kuingia sokoni, mwagizaji aandike hadi tarehe gani masasisho ya usalama yatatolewa, akitaja modemu waziwazi, na tarehe hiyo ichapwe kwenye boksi. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji atangaze muda wa chini wa masasisho ya usalama.

La pili linahusu kampuni za simu. Kitufe cha VoLTE kiachwe mikononi mwa mteja. Na udhaifu wa modemu ukitangazwa, kampuni itume meseji kwa wateja wenye modeli husika tu. Uwezo huo wanao, kwa kuwa kila laini inapojisajili kwenye mnara, IMEI ya simu inajulikana, na tarakimu zake nane za mwanzo zinataja modeli.

Wako,
Mtumiaji wa simu, Dar es Salaam