Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tuandikiwe kafeini ya chupa nzima

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Kayole. Mimi niko na kemisti hapa karibu na steji, na nakuandikia juu ya vinywaji vya enaji, hasa ile chupa ya plastiki ya mililita 500 ambayo vijana wa sekondari wanabeba kama maji.

Kwanza niseme hii ya taurini, kitu kinachowekwa kwa hivyo vinywaji, juu wazazi wakija kuniuliza ndiyo hiyo wanauliza. Mtaani wanasema ni mkojo wa ng'ombe dume, wengine wanasema kitu mbaya zaidi sitaandika hapa. Ukweli ni kwamba mwaka wa 1827 Wajerumani wawili waliipata kwenye nyongo ya ng'ombe, jina likatoka hapo, lakini siku hizi inatengenezwa kiwandani na hakuna ng'ombe anahusika. Mwili wako wenyewe unaitengeneza, iko kwa nyama, iko kwa samaki, hata maziwa ya mama iko nayo. Chupa kama hiyo huwa na kama gramu 2 hivi, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya waliiangalia mwaka wa 2009 wakasema kwa kiwango cha hivyo vinywaji haiwapi wasiwasi. Kwa hivyo mzazi anaogopa taurini, lakini kafeini ndiyo inampita hivi hivi.

Sasa nikuambie ya kijana mmoja. Fomu tatu, miaka 16, alikuja jioni akitaka dawa ya kichwa, mara ya tatu hiyo wiki. Mikono inatetemeka, anasema moyo unamdunda mpaka anausikia kwa masikio. Nikamuuliza amekunywa nini, akasema chupa moja ya enaji saa tisa ndio asome, na adhuhuri alikuwa amemeza tembe mbili za maumivu. Nikamwambia alete hiyo pakiti. Ilikuwa ni ile paracetamo iliyochanganywa na kafeini, miligramu 65 kwa kila tembe!

Tukapiga hesabu pale kaunta. Lebo ya chupa inasema kafeini miligramu 32 kwa mililita 100, yeye aliona 32 akadhani ni kidogo, lakini chupa ni mara tano kwa hivyo ni 160. Ongeza 130 ya tembe, inafika 290, na chai ya asubuhi hatujaihesabu. Nikampandisha kwa mizani, kilo 50. Kiwango ambacho hao wa Ulaya walitoa mwaka wa 2015 kwa watoto na vijana ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku nzima, yaani yeye mwisho wake ni 150. Chupa peke yake ilikuwa imeshapita, na alikuwa karibu mara mbili.

Na hicho kichwa kilitoka wapi? Kafeini inachukua kama saa tano ndio nusu yake itoke mwilini, kwa hivyo mtu akikunywa 160 saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado ako na kama 80, hiyo ni kama amefungua kopo dogo kitandani. Halali vizuri, anaamka saa kumi na moja kukimbilia matatu, mchana kichwa kinamuuma juu ya kukosa usingizi ama juu mwili umezoea kafeini na unaidai, anameza tembe yenye kafeini, kichwa kinatulia, jioni anafungua chupa ingine. Nilimpa paracetamo tupu nikamwambia aache chupa polepole, na akisikia maumivu ya kifua ama azimie asirudi kwangu, aende hospitali moja kwa moja.

Mheshimiwa, madaktari wa watoto wa Amerika walisema tangu 2011 kwamba vijana hawafai kunywa hivi vitu kabisa, na mimi nakubaliana nao, hata sukari ya hiyo chupa pekee ni kama gramu 55. Lakini mzazi akiniambia mtoto atakunywa tu, namwambia basi iwe kopo dogo la mililita 250, lile la miligramu 80, kabla ya saa sita mchana, na siku hiyo chai kali na tembe za kafeini zikae kando. Kama kuna guarana kwa lebo ajue hiyo nayo ni mbegu yenye kafeini.

Polandi tangu Januari 2024 hauziwi kama hujafika miaka 18. Hapa kwetu naona mtoto atatuma mtu wa boda amnunulie, kwa hivyo siombi hiyo kwanza. Naomba kafeini iandikwe kwa chupa nzima, mbele, kwa namba kubwa, 160 na si 32, na tembe zenye kafeini ziandikwe vivyo hivyo mbele ya pakiti. Huyo kijana alijumlisha mwenyewe bila kikokotoo mara tu nilipomwonyesha mahali pa kuangalia.