Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Hisabati kuhusu swali la tangi

YAH: KIGEU KINACHOSHIKILIWA KIANDIKWE KWENYE SWALI

Ndugu Mkuu wa Idara,

Shikamoo. Ninafundisha vikundi vya mazoezi vya mwaka wa pili, na nilikuwa miongoni mwa waliosahihisha jaribio la kalkulasi ya vigeu vingi. Naandika kuhusu swali moja tu, ambalo kwa maoni yangu tuliwanyima wanafunzi haki.

Swali lilihusu tangi la maji la sementi, la pembe mraba, lisilo na mfuniko. Urefu wake ni x, upana y na kina z, vyote kwa mita. Linachukua mita za ujazo 12, kwa hiyo xyz = 12. Eneo la kupigwa plasta kwa ndani ni S = xy + 2xz + 2yz. Mwanafunzi aliambiwa atafute ∂S/∂x pale x = 2, y = 3 na z = 2.

Mwongozo wa usahihishaji ulisema jibu ni −3. Kwenye karatasi nilikuta majibu matatu: 7, −3 na −2. Waliopata −2 niliwapa sifuri kama mwongozo ulivyotaka, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Nianze na 7. Huyu alitofautisha S akiacha y na z zikae kama zilivyo, akapata y + 2z = 7. Hapo kweli kuna kosa, maana alisahau ujazo. Ongeza urefu uwe 2.1 bila kugusa upana wala kina, tangi litachukua 12.6. Hilo si tangi tuliloliuliza.

Aliyepata −3 alishikilia upana, akaacha kina kibadilike. Alitofautisha xyz = 12 kwa x huku akikumbuka kwamba z nayo inamtegemea x, akapata yz + xy·∂z/∂x = 0, yaani ∂z/∂x = −z/x = −1. Alama ya kutoa ina maana yake: urefu ukizidi, kina lazima kipungue ili maji yabaki yale yale. (Wapo wanaosahau kipande cha pili. Hao hubaki na yz = 0, na kwa namba zetu hiyo ni 6 = 0, kwa hiyo kosa hujionyesha lenyewe.) Kisha kanuni ya mnyororo: badiliko la S kupitia x ni 7, na kupitia z ni 2x + 2y = 10 mara −1. Jumla ni −3.

Sasa aliyepata −2. Yeye alishikilia kina. Fundi aliyechimba shimo hadi kwenye mwamba hawezi kuongeza kina, kwa hiyo akirefusha tangi itabidi apunguze upana. Hapo ∂y/∂x = −y/x = −3/2, badiliko la S kupitia y ni x + 2z = 6, na 7 − 9 = −2. Kila hatua ni sahihi. Nimelipima kwa namba: x ikiwa 2.1 na z ikibaki 2, y inakuwa 2.857, na eneo linashuka kutoka 26 hadi 25.83, karibu na −2 mara 0.1. Tukishikilia upana badala yake, linashuka hadi 25.73, karibu na −3 mara 0.1.

Kwa hiyo −3 na −2 yote ni majibu ya kweli, ila ya maswali mawili tofauti. Alama ∂S/∂x inasema nini kinasogea. Haisemi nini kimeshikiliwa. Vigeu vikiwa huru hakuna shida, kwa sababu kila kilichobaki kimeshikiliwa. Vikifungwa na mlinganyo kama xyz = 12, ni viwili tu vilivyo huru kwa wakati mmoja, na lazima mtunga swali aseme ni viwili gani.

Wenzetu wa fizikia na kemia hawaliachi hili. Huandika kigeu kilichoshikiliwa chini ya mabano, kwa mfano (∂P/∂T)_V. Joto la kupandisha moli moja ya gesi bora kwa digrii moja ni tofauti ujazo ukishikiliwa na kanieneo ikishikiliwa, na tofauti hiyo ni R kamili, yaani namba thabiti ya gesi. Hakuna mkemia anayemwuliza mwanafunzi joto hilo bila kutaja lipi.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, maswali ya namna hii yaandikwe (∂S/∂x)_y au (∂S/∂x)_z kuanzia mtihani wa mwisho wa muhula. Pili, karatasi za jaribio bado ziko kabatini. Naomba ruhusa ya kuzitoa zile zenye −2 na kuwapa wenyewe alama zao zote. Niko tayari kuifanya kazi hiyo mwenyewe Jumamosi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa mazoezi, mwaka wa pili